Asilimia mbili iliyo ghali kuliko tatu

Mkopo wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi unaweza kumtoa mwenye duka fedha nyingi kuliko mkopo wa asilimia 3. Hakuna ujanja wa maandishi madogo hapo, wala mkopeshaji hajadanganya. Tofauti iko kwenye swali ambalo wateja wengi hawaulizi: hiyo asilimia inapigwa kwenye kiasi gani?

Chukua duka la rejareja la Mbagala, Dar es Salaam. Mwenye duka anataka shilingi 1,200,000 ili ajaze rafu kabla ya Ramadhani: sukari, tambi, unga wa ngano, mafuta ya kula. Atalipa kwa miezi 12. Mkopeshaji wa kwanza anamwambia riba ni asilimia 2 kwa mwezi, wa pili anamwambia 3. Karibu kila mtu angemkimbilia wa kwanza.

Wa kwanza anatumia riba isiyopungua, ile ambayo maofisa mikopo wengi huiita flati. Anachukua asilimia 2 ya 1,200,000, anapata 24,000, na kiasi hicho kinabaki hivyo hivyo kila mwezi hadi mwisho. Deni lenyewe likigawanywa kwa miezi 12 ni 100,000, kwa hiyo rejesho ni 124,000 kwa mwezi. Hadi mwaka uishe, riba yote ni 288,000. Hesabu hii mtu anaweza kuifanya akiwa amesimama kaunta, na hiyo ni sababu mojawapo ya wakopeshaji wadogo kuipenda. Sababu nyingine ni kwamba asilimia inayotajwa huonekana ndogo.

Wa pili anatoza riba kwenye salio linalopungua. Mwezi wa kwanza mteja anadaiwa 1,200,000 nzima, hivyo riba ni 36,000. Rejesho lake ni kama 120,555. Ukitoa riba, 84,555 zinakwenda kupunguza deni, na salio linabaki 1,115,445. Mwezi wa pili asilimia 3 inapigwa kwenye salio hilo jipya, na riba inashuka hadi 33,463. Inaendelea kushuka hivyo mpaka mwezi wa 12, ambapo riba ni kama 3,500 tu. Jumla ya riba kwa mwaka ni karibu 246,700.

Yaani yule wa asilimia 3 ni nafuu kwa zaidi ya shilingi 41,000, na rejesho lake la kila mwezi pia ni dogo.

Siri iko kwenye fedha anazokuwa nazo mkopaji mkononi. Kufikia katikati ya mwaka mwenye duka ameshapunguza nusu ya deni la flati. Nusu hiyo imetoka kwenye droo ya mauzo, imerudi kwa mkopeshaji, na haizunguki tena dukani. Lakini riba bado inapigwa kana kwamba 1,200,000 yote iko kwenye rafu. Mwezi wa mwisho ndio unaochekesha zaidi: anadaiwa 100,000 iliyobaki, na kwa hiyo 100,000 anatozwa riba ya 24,000.

Hapo ndipo inapopatikana njia ya haraka ya kujua gharama halisi. Deni linaanza na 1,200,000 na kushuka kwa 100,000 kila mwezi, kwa hiyo wastani wa fedha alizokuwa nazo mkopaji kwa mwaka mzima ni 650,000 tu. Gawanya riba ya 288,000 kwa 650,000, unapata karibu asilimia 44. Tangazo lilisema 2 kwa mwezi, na mteja akajihesabia 24 kwa mwaka.

Njia hiyo inazidisha kidogo. Anayetaka jibu kamili atatumia Excel, au programu kama hiyo kwenye simu, aandike idadi ya marejesho, kiasi cha rejesho, na fedha alizopokea:

```
=RATE(12,-124000,1200000)*12
```

Jibu ni takriban asilimia 41.7 kwa mwaka. Kwa mkopeshaji wa pili, ukiweka 120,555 badala ya 124,000, linatoka 36, yaani 3 mara 12, kama alivyosema. Sasa mikopo miwili imewekwa kwenye mizani moja. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1968 inayowalazimisha wakopeshaji kumwonyesha mteja kiwango kimoja cha mwaka, ili asiachwe kulinganisha vitu visivyolingana.

Kuna kiasi kimoja kwenye hesabu hiyo kinachohitaji uangalifu: fedha alizopokea mteja, si zilizoandikwa kwenye mkataba. Mara nyingi ada ya kushughulikia mkopo na bima hukatwa kabla fedha hazijatoka. Kama yule wa kwanza anakata asilimia 2 ya ada na 1 ya bima, 36,000 zinabaki kwake, na mwenye duka anaondoka na 1,164,000. Marejesho hayabadiliki, ni 124,000 zile zile. Ukiingiza 1,164,000 kwenye Excel, gharama inapanda hadi asilimia 48 kwa mwaka, mara mbili ya ile 24 aliyokuwa nayo mteja kichwani.

Akiba ya lazima inauma zaidi, kwa sababu haionekani kama gharama. Mkopeshaji akishikilia asilimia 10 ya mkopo kama dhamana, 120,000 zinakaa kwake mwaka mzima na kurudishwa bila faida, ilhali mteja anazilipia riba. Ikijumlishwa pamoja na ada zile, gharama ya mkopo huu wa "asilimia mbili" inafika kama 57 kwa mwaka.

Mteja asiyeambiwa aina ya riba anaweza kuitambua mwenyewe kwenye ratiba ya marejesho, ambayo ni vyema aiombe kabla ya kuweka saini. Atazame safu ya riba. Tarakimu ikiwa ile ile kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, ni flati. Ikishuka mwezi hadi mwezi, riba inafuata salio. Ratiba inayoonyesha rejesho la jumla peke yake, bila kutenganisha riba na deni, haimsaidii chochote, na mkopeshaji anayekataa kuvitenganisha ameshajibu swali kwa namna yake. Tena marejesho sawa kila mwezi si ushahidi wa flati. Mikopo yote miwili ya mfano huu ina marejesho yasiyobadilika.

Swali la mwisho linahusu kulipa mapema. Tuseme biashara imekwenda vizuri na baada ya miezi sita mwenye duka anataka kumaliza deni. Kwa mkopeshaji wa pili salio ni kama 653,000. Akililipa, riba ya miezi iliyobaki haitozwi, na mkopo mzima umemgharimu riba ya kama 176,000. Kwa wa kwanza inategemea mkataba. Wapo wanaosamehe riba ya miezi ambayo haijafika, na hapo analipa 600,000. Wapo wanaodai yote, na hapo analipa 744,000, sawa kabisa na marejesho sita yaliyobaki, bila kupata nafuu yoyote kwa haraka yake. Kipengele hicho huandikwa kwenye mkataba, mara nyingi kwa sentensi moja tu.