Koo lachoma kama kisu, lakini halina kidonda

MTU akiumwa na koo, wengi wetu hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuua viini. Lakini yako maumivu ya koo yasiyoletwa na kiini chochote, na vidonge hivyo haviyapunguzi hata kidogo.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 kule Mutomo, Kitui. Ameketi kula muthokoi. Akimeza tonge la kwanza, anahisi kisu kikimchoma upande wa kushoto wa koo, nyuma ya ulimi, na maumivu yanapenya hadi ndani ya sikio. Nusu dakika baadaye yametoweka. Yanarudi akipiga miayo au akinywa maji baridi. Hana homa, na koo likimulikwa halina wekundu. Amemaliza dozi tatu za antibiotiki na kung'olewa jino lisilo na kosa. Sasa anaogopa kula, na nguo zimeanza kumpwaya.

Ugonjwa huu, ambao si wa kawaida, ni wa neva. Kati ya jozi 12 za neva zitokazo kichwani, ile ya 9 ndiyo hubeba hisia za koo, nyuma ya ulimi na sehemu ya sikio. Mara nyingi mshipa wa damu huigandamiza pale inapotoka kwenye shina la ubongo. Utando wake huchakaa, na mguso mdogo wa chakula hugeuka kuwa mchomo.

Daktari anaweza kupulizia dawa ya ganzi mahali panapouma. Mgonjwa akimeza bila maumivu kwa muda, shaka ya neva inapata nguvu. Hata hivyo, ganzi haisemi ni nini kinachoigandamiza. Pengine ni uvimbe, na hasa ikiwa maumivu hayakatiki, sauti imekwaruza au chakula kinakwama. Ndiyo maana bingwa wa koo na bingwa wa neva huhitajika, pamoja na picha ya ubongo ya mashine ya sumaku.

Kuna hatari nyingine. Neva ya 10 ni jirani wa karibu, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Anayezimia wakati wa kumeza apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa inayotumiwa kwanza ni kabamazepini. Jamaa wasishtuke wakiambiwa ni ya kifafa. Hutuliza neva pia. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 100 mara mbili kwa siku, kisha daktari huipandisha polepole. Vipele vikitokea, mgonjwa amwone daktari mara moja. Anayetumia dawa za Ukimwi aseme mapema, kwa sababu kabamazepini huweza kuzipunguzia nguvu.

Dawa ikishindwa, upo upasuaji wa kutenganisha mshipa na neva. Mgonjwa wa Kitui au Makueni aombe barua ya rufaa, nayo ieleze upande unaouma, maumivu hudumu sekunde ngapi na huanzishwa na nini.