Kichwa Kinachowasha Bila Mba

Mtu anayejikuna kichwa mara kwa mara hudhaniwa kuwa ana mba au chawa. Hata hivyo, wapo watu ambao nywele zao zikichambuliwa juani hazionyeshi magamba meupe, wala mayai ya chawa yaliyogandamana na mashina ya nywele kisogoni na nyuma ya masikio, na huku wanawashwa mchana na usiku. Katika hali hiyo chanzo hutafutwa kwa maswali mawili: mwasho ulianza lini, na uko mahali gani hasa?

Tuchukue mfano wa mwanamke wa makamo ambaye kwa miaka miwili amekuwa akificha mvi zake kwa rangi nyeusi kila mwezi. Jumamosi moja asubuhi anapaka rangi hiyo kama kawaida. Jumapili jioni kichwa kinaanza kumwasha. Kufika Jumatatu kope zimevimba kidogo na nyuma ya masikio pametoka vipele vidogo, lakini kichwani kwenyewe hakuna kinachoonekana. Mwanamke huyu hailaumu rangi, kwa kuwa ameizoea. Analaumu sabuni aliyoinunua juzi.

Mashaka makubwa zaidi yanapaswa kuielekea rangi. Rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Chembechembe zake ni ndogo mno, hupenya ngozi na kujiunga na protini za mwili. Chembe nyeupe za damu zinaweza kuzitambua kuwa ni adui. Kujifunza huko huchukua siku kumi au zaidi, na kwa baadhi ya watu hutokea baada ya miaka mingi ya kutumia rangi ile ile bila taabu. Mzio ukishaingia, kwa kawaida haumtoki mtu maisha yake yote. Kila anapopaka tena, chembe hizo hukusanyika polepole, na ndiyo maana mwasho huja baada ya siku moja hadi tatu. Dawa kali ya kulainisha nywele ni tofauti: hiyo huunguza ngozi katika dakika chache, na kuungua huko si mzio.

Kwa nini basi kope zinavimba na kichwa hakionyeshi kitu? Ngozi ya kichwa ni nene, ilhali ile ya kope ni nyembamba sana, na maji ya kusuuzia huteremsha rangi usoni na masikioni. Tena, wekundu hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, hasa chini ya nywele.

Huenda mzio wa mwanamke huyu haukuanzia kichwani hata kidogo. Katika harusi za pwani, piko hupakwa mikononi na miguuni ili kupata michoro myeusi, na mara nyingi piko hiyo ni rangi ya nywele yenye PPD. Hina halisi hutoa wekundu wa hudhurungi na huhitaji saa kadhaa kukolea. Inayotoa weusi mkavu kwa muda mfupi si hina tupu. Nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu PPD katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 inapopakwa, na haziruhusu ipakwe kwenye ngozi. Aliyewahi kutoka malengelenge kwa piko asijaribu rangi ya namna hiyo kichwani, hata kidogo. Kipimo cha kuaminika hufanywa na daktari wa ngozi, ambaye hubandika mgongoni viraka vyenye kemikali mbalimbali, akavibandua baada ya siku mbili na kuyatazama matokeo tena siku chache baadaye.

Lakini ikiwa rangi, mafuta na sabuni zote zimeachwa kwa wiki sita na mwasho haujapungua, yafaa kuifikiria mishipa ya fahamu. Ngozi ya kisogo huhudumiwa na mishipa inayotoka shingoni, na ile ya mbele na mshipa mkuu wa uso. Mshipa ukibanwa au ukidhurika njiani, ubongo hupokea habari za mwasho kutoka mahali pasipo na ugonjwa, kama simu inayolia mezani kwa sababu nyaya zimegusana barabarani. Mwasho wa namna hii huchanganyika na hali ya kuchomwa au kufa ganzi, mara nyingine upande mmoja tu, na kujikuna hakuleti nafuu ya kudumu. Wagonjwa kadhaa wa aina hii wamekutwa na pingili za shingo zilizochakaa. Wengine wana kisukari, au waliwahi kuugua mkanda wa jeshi kichwani. Kwao mafuta ya mba hayasaidii. Daktari huchunguza shingo, hupima sukari katika damu, na pengine hutoa dawa ya kutuliza mishipa kama gabapentini, akianza na kipimo kidogo kwa sababu huleta usingizi.