Sta-delta: Jinsi Mota Kubwa Inavyoanza Bila Kishindo

Mota ya kilowati 15 inayoendesha mashine ya kusaga mahindi huvuta takriban ampea 29 ikiwa na mzigo kamili kwenye umeme wa volti 400. Ikiwashwa moja kwa moja, mwanzoni huvuta karibu mara sita ya hapo: ampea 175 hivi. Taa hufifia na fyuzi huweza kuungua. Ndiyo maana mafundi hufunga sta-delta.

Mota hiyo ina koili tatu zenye ncha sita. Ncha U2, V2 na W2 zikiunganishwa pamoja, hiyo ni sta: kila koili hupata volti 231, na umeme wa laini hushuka hadi theluthi, kama ampea 58. Nguvu ya kuzungusha nayo hubaki theluthi, kwa hiyo kinu kianze kitupu, mahindi yafuate baadaye.

Kwanza soma kibati cha mota. Kikionyesha volti 400/690, inafaa. Kikionyesha 230/400, delta ya volti 400 itaiunguza. Kisha zima umeme, hakikisha kwa kipimo kwamba haupo, na ondoa vibati vya shaba vinavyounganisha ncha.

Kontakta kuu hupeleka L1, L2 na L3 kwenye U1, V1 na W1. Kontakta ya sta hufunga pamoja U2, V2 na W2. Kontakta ya delta hupeleka L1 kwenye V2, L2 kwenye W2 na L3 kwenye U2. Ukikosea ukapeleka L1 kwenye U2, L2 kwenye V2 na L3 kwenye W2, kila koili itakuwa na fezi ileile pande zote mbili. Utaitambua hitilafu hiyo mara moja: mota huanza vizuri, lakini delta ikishika tu, hupoteza nguvu na kupunguza mwendo.

Sta na delta zikishika kwa pamoja, fezi tatu hugongana. Kwa hiyo waya wa kuwashia kila kontakta hupitishwa kwenye mguso wa mwenzake unaoachia mwenzake anaposhika. Taima ya sta-delta nayo huacha pengo la milisekunde 50 hivi, cheche zizimike kabla ya delta kushika.

Anza na sekunde 6, ukitazama kipimo cha ampea. Umeme ukishuka na kutulia, mota imekaribia mwendo wake. Hapo ndipo ibadilike. Ukisikia kishindo na ampea kuruka juu sana, huenda taima imewahi mno.

Mwisho ni ovalodi. Ikikaa kati ya kontakta kuu na mota, hupitiwa na asilimia 58 tu ya umeme wa laini, hivyo iwekwe ampea 17. Ukiiweka 29, mota inaweza kuungua nayo isikate.