Kamera Inaliona Geti, Lakini Itamtambua Aliyesimama Hapo?

Ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, au Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, utakuta kamera za ulinzi za waifai zimejaa rafuni, na maboksi yake yanasema karibu maneno yale yale: "3MP 2K", usiku mita 30, 2.4 GHz, IP66, kadi hadi GB 512. Muuzaji atakwambia inaona hadi barabarani, naye hasemi uongo. Shida ni kwamba mnunuzi ana swali lingine kabisa. Anataka kujua kama, siku mtu akiruka ukuta, sura yake itatambulika. Jibu la swali hilo halijaandikwa kwenye boksi, ila ukijua kuzisoma namba zake unaweza kulipata mwenyewe kabla hujalipa.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya mjini. Ruta iko sebuleni. Kamera inakusudiwa kufungwa chini ya paa la baraza, ikielekea geti la chuma lililo mita 12 kutoka hapo. Boksi ni hilo hilo la 3MP.

Picha imegawanywa kwa upana gani?

Picha ya kamera imeundwa na nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Kamera nyingi za 3MP hutoa picha yenye pikseli 2,304 kutoka kushoto hadi kulia. Kwa macho ya mnunuzi namba hiyo ni kubwa, lakini pikseli hizo zinagawanywa katika kila kitu ambacho lensi inakiona. Lensi ikiwa pana, kila mita ya ua wako inapata pikseli chache.

Hesabu yake si ngumu. Lensi yenye pembe ya mlalo ya nyuzi 90 huona upana ulio mara mbili ya umbali. Kwa hiyo kwenye geti letu la mita 12, picha inabeba upana wa mita 24: geti, ukuta wote na kipande cha uwanja wa jirani. Gawanya 2,304 kwa 24, unapata pikseli 96 kwa kila mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita 16 hivi, basi uso wa aliyesimama getini utachorwa kwa pikseli 15 tu. Utaona kuwa ni mtu, amevaa shati jeupe, anatembea haraka. Hutajua ni nani.

Wataalamu wa kamera za ulinzi wana kipimo chao kwa jambo hili. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kujua kwamba kuna mtu. Pikseli 125 zinatosha kumtambua mtu ambaye tayari unamfahamu. Ili kumtambua mgeni kabisa, kiasi cha kuweza kuipeleka picha polisi, zinatakiwa pikseli 250 kwa mita, yaani kama 40 usoni. Kwa kamera yetu hilo linawezekana tu pale upana wa picha usipozidi mita 9, nao ni umbali wa mita nne na nusu hivi kutoka kwenye lensi.

Hapa ndipo wengi huongeza pesa wakanunue namba kubwa zaidi. Tuifuate hesabu hiyo hiyo. Kamera ya 4MP ina pikseli 2,560 kwa upana, nayo inafika mita tano na kidogo. Hata ya 8MP, ile inayoandikwa "4K", yenye pikseli 3,840, inaishia karibu mita saba na nusu. Megapikseli zimeongezeka zaidi ya maradufu, lakini umbali wa kumtambua mtu haujafika hata maradufu, na geti bado liko mbali.

Kinachosaidia zaidi ni lensi, au mahali pa kuifunga. Kwenye boksi tafuta urefu wa lensi kwa milimita. Ya 2.8 huona pana, ya 4 huona finyu kidogo, ya 6 hufinya zaidi na kulisogeza geti karibu. Lensi yenye pembe ya nyuzi 50 hivi, kwenye mita 12, inaona upana wa mita 11 tu, na uso wa mtu unapata pikseli kama 33 badala ya 15. Gharama yake ni kwamba pembe za ua hazitaonekana tena. Njia nyingine ni kuihamishia kamera ile ile kwenye nguzo ya ndani ya ukuta, mita nne kutoka geti. Hapo uso unapata pikseli 46, na hujaongeza senti kwenye bei ya kamera.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, maboksi mengine huandika pembe ya mshazari, kutoka kona hadi kona, ambayo siku zote ni kubwa kuliko ya mlalo. Usiitumie kwenye hesabu hii. Pili, usiifunge juu sana. Mita mbili na nusu hadi tatu zinatosha. Ikipanda juu ya hapo, itarekodi kofia na utosi.

Mita 30 za usiku

Namba hii inazungumzia mwanga. Kamera ina taa ndogo za infraredi ambazo jicho la mtu halizioni vizuri, na mita 30 ni mahali ambapo mwanga wake bado unafika kwa kiasi cha kuonyesha kwamba kuna kitu kinachosogea. Usiku kamera pia huacha kila picha ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo anayetembea haraka anakuwa kivuli kilichofifia, hata kama pikseli zinatosha. Ndiyo maana taa ya kawaida iliyowashwa getini mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kununua kamera ya bei ya juu.

Ukiona picha ya usiku imejaa ukungu mweupe, kabla hujarudi dukani kugombana, angalia mbele ya lensi. Mara nyingi ni utando wa buibui, au ukingo wa paa ulio karibu sana, unaorudisha mwanga kwenye lensi. Ndiyo sababu pia kamera haifai kuwekwa ndani ikichungulia kupitia kioo cha dirisha: usiku itajiona yenyewe.

Waifai ifike, na ikubaliane nayo

Tukiihamishia kamera karibu na geti, tunakutana na namba nyingine. Umbali wa waifai unaotajwa na watengenezaji hupimwa mahali pa wazi. Kwetu mawimbi yanatoka sebuleni, yanavuka kuta za bloku, mlango wa chuma na pengine kibanda cha mabati. Bloku hupunguza nguvu yake, na bati linaweza kuyazuia kabisa.

Usikisie. Pakua kwenye simu programu ya kupima waifai, nenda pale pale kamera itakapokaa, ufunge geti, kisha usome namba ya dBm. Namba hii ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Ikiwa -65 au bora kuliko hapo, kamera itafanya kazi vizuri. Ikishuka chini ya -75, picha itaganda, video zitakuwa na mapengo, na programu itakwambia mara kwa mara kwamba kamera haipo mtandaoni. Hapo ongeza kifaa cha kusogeza waifai karibu na geti, au chagua kamera yenye tundu la waya wa mtandao. Waya huo unafika hadi mita 100.

Maneno "2.4 GHz" nayo yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Kamera nyingi za bei ya kawaida haziifahamu kabisa waifai ya 5 GHz. Ruta nyingi za sasa hutoa zote mbili kwa jina moja, simu inajiunga na ya 5, na kamera inashindwa kuunganishwa ingawa nenosiri ni sahihi. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uipe ya 2.4 jina lake, kisha uiunganishe simu nayo wakati wa kusajili kamera. Kama bado inakataa, angalia usalama wa waifai: ukiwekwa WPA3 peke yake, kamera nyingi hugoma, weka WPA2.

Kuna neno moja zaidi la kutafuta: ONVIF. Ni mfumo wa makubaliano ulioanzishwa mwaka 2008 na kampuni za Axis, Bosch na Sony ili kamera ya kampuni moja izungumze na mashine ya kurekodia ya nyingine. Kwa geti letu lina umuhimu wa pekee. Kamera iliyo karibu na geti ni rahisi kung'olewa, na kadi ya kumbukumbu imo ndani yake, hivyo mwizi ataondoka na ushahidi. Kamera yenye ONVIF inaweza kurekodi pia kwenye mashine iliyofichwa ndani ya nyumba. Zile zinazotumia betri kwa kawaida hazina uwezo huo.

Ndani ya boksi, na nje yake

Ukifungua, utakuta kamera, adapta, skrubu na vibomba vyake vya plastiki vya ukutani, karatasi ya kuonyesha pa kutoboa, na mwongozo. Kinachokosekana ndicho kinachoongeza gharama. Kadi ya kumbukumbu kwa kawaida haimo. "Hadi GB 512" ni ukomo wa kadi itakayokubalika. Kamera inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hujaza GB 21 na kitu kwa siku, kwa hiyo kadi ya GB 128 inahifadhi siku tano hivi kabla haijaanza kufuta za zamani. Kurekodi kwenye kadi hakuli bando, ila kutazama moja kwa moja ukiwa kazini hula karibu MB 900 kwa saa.

Angalia adapta pia. Waya wake mara nyingi hauzidi mita 3, na plagi yake huenda si ya pini tatu za soketi zetu. Na IP66 inaihusu kamera yenyewe, ambayo itastahimili mvua na vumbi. Adapta na maungio ya waya havimo kwenye ahadi hiyo. Viweke ndani, au kwenye kisanduku kisichopitisha maji.

Kabla fundi hajatoboa ukuta, ishikize kamera kwa muda pale ulipochagua, uiwashe, usubiri giza. Mwombe mtu usiyeishi naye aingie getini kwa mwendo wake wa kawaida, kisha mwonyeshe video mtu asiyemjua, pamoja na picha za watu watatu. Akimchagua aliye sahihi bila kubahatisha, toboa. Akishindwa, sogeza kamera karibu zaidi au ongeza taa, ujaribu tena usiku unaofuata.