Bega, shela na pindo: maswali ya brashi katika kubadilisha mandhari ya picha

Bibi harusi amepigwa picha mbele ya ukuta mweupe wa ukumbi, lakini familia inataka aonekane amesimama ufukweni. Kazi hii wanaijua mafundi wengi wa picha. Katika Photoshop, bibi harusi anawekwa leya ya juu, ufukwe leya ya chini, kisha leya ya juu inapewa maski. Maski haifuti kitu. Palipo na nyeupe bibi harusi anaonekana, palipo na nyeusi anafichika na ufukwe unatokea, na palipo na kijivu picha zote mbili zinaonekana, kila moja kwa kiasi chake. Kwa hiyo fundi anapaka nyeusi mahali penye ukuta. Ugumu wa kazi unakuja kwenye kingo, na hapo ndipo maswali kuhusu Hardness, Opacity na Flow yanapoanza. Hapa tutaviita ugumu, ukolezi na mtiririko.

Ukingo wa bega nipake kwa brashi ngumu au laini?

Itazame picha yenyewe kabla ya kugusa brashi. Kuza bega mpaka uone vidoto vya picha, yaani pikseli, kimoja kimoja. Hata bega lililopigwa kwa umakini mkali halikatiki ghafla: kati ya ngozi na ukuta kuna pikseli mbili au tatu za rangi ya mchanganyiko. Maski inapaswa kuwa na ulaini huohuo. Ukipaka kwa ugumu wa 100%, bega litaonekana kama limekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Ukipaka kwa ugumu wa 0%, litazungukwa na ukungu mweupe, kwa sababu kipande cha ukuta wa zamani kimebaki nusu kikionekana. Kwa bega lililo wazi namna hii, anza na ugumu wa 80% hadi 90%. Kwa sehemu ambayo kamera imeitia ukungu, kama kiwiko kilichorudi nyuma, shuka hata 40%, kisha ulinganishe tena na picha.

Mbona nimeweka 90% ileile, lakini ukingo mmoja ni mkali na mwingine una ukungu?

Bila shaka umebadilisha ukubwa wa brashi. Ugumu ni asilimia ya brashi, haupimwi kwa pikseli. Brashi ya pikseli 400 yenye ugumu wa 90% ina ukanda laini mpana mara kumi kuliko brashi ya pikseli 40 yenye ugumu huohuo. Hili huwasumbua wengi, maana wanaangalia asilimia na kusahau ukubwa. Fuata kanuni hii: ukuta wa mbali uupake kwa brashi kubwa, na ukingo wote wa mwili uupake kwa brashi ya ukubwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuna jambo jingine linalochanganya. Ukiwa na brashi laini, duara unaloliona kwenye skrini kwa kawaida linaonyesha eneo linaloathirika zaidi tu. Rangi hafifu inavuka duara hilo na kuingia kwenye ngozi bila wewe kujua. Fungua Preferences, nenda Cursors, uchague Full Size Brush Tip, na duara litaonyesha karibu eneo lote.

Ukolezi na mtiririko vyote vinapunguza rangi. Tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika kile kinachotokea kabla hujainua mkono. Ukolezi ni dari. Ukiuweka 40%, rangi haitavuka 40% hata ukisugua mahali pamoja mara ngapi, mradi hujaachia kitufe cha kipanya. Ukiachia na kuanza mpako mwingine juu ya ule wa kwanza, hapo ndipo inaongezeka: mpako wa kwanza unaficha 40%, wa pili unaficha 40% ya ile 60% iliyobaki, na jumla inakuwa 64%.

Mtiririko unafanya kazi ndani ya mpako mmoja. Brashi ya kompyuta haichori mstari mmoja mfululizo, inagonga mihuri mingi inayopandana, na mtiririko ni kiasi cha rangi katika kila muhuri. Nafasi ya kawaida kati ya mihuri ni 25% ya upana wa brashi, hivyo kwa brashi ngumu sehemu ya katikati inapigwa takribani mihuri minne brashi inapopita. Kwa mtiririko wa 10%, utapata kama 34%, wala si 10%. Ukirudi juu yake bila kuinua mkono, rangi inazidi kukolea mpaka ifike kwenye dari ya ukolezi.

Basi shela niipake kwa kipi?

Kwa ukolezi, kwa sababu kitambaa chembamba kinahitaji uwazi ulio sawa. Weka mtiririko 100%, ukolezi 40%, na upake nyeusi kwa mpako mmoja. Tatizo ni kwamba shela ndefu haimaliziki kwa mpako mmoja, na kila mahali mipako inapopandana patatokea kiraka. Mimi napendelea njia nyingine: chagua rangi ya kijivu yenye mwangaza wa 60% na upake kwa ukolezi wa 100%. Kijivu juu ya kijivu kinabaki kijivu kilekile, hata ukiinua mkono mara nyingi. Mikunjo, ambako kitambaa kimejikunja mara mbili, ipake kijivu cheupe zaidi ili ionekane mizito.

Paka tu sehemu ya shela ambayo nyuma yake palikuwa na ukuta. Pale shela inapopita juu ya bega au nywele, kilicho nyuma yake ni bibi harusi mwenyewe, kwa hiyo maski ibaki nyeupe. Fundi akisahau hili, mawimbi yanaonekana ndani ya bega.

Njia hii ina mpaka wake. Shela iliyopigwa mbele ya ukuta mweupe imebeba weupe wa ukuta. Mbele ya anga angavu haitakudhihirikia, lakini mbele ya bahari ya jioni itang'aa kupita kiasi, na hakuna kipimo cha brashi kitakachoondoa weupe huo. Itabidi kuitia giza leya yenyewe.

Na mtiririko una kazi gani?

Kazi yake ni pindo la gauni linalogusa mchanga, kwa sababu pale uwazi unahitaji kuongezeka kidogokidogo. Weka ukolezi 100%, mtiririko kati ya 5% na 10%, ugumu 0%. Pitisha nyeusi kwenye pindo bila kuinua mkono, ukirudia zaidi pale chini kabisa. Mchanga wa leya ya chini utaanza kupanda juu ya kitambaa taratibu. Kivuli cha gauni kichorwe kwenye leya yake, kati ya hizo mbili. Bila hicho gauni litaonekana linaelea, hata maski iwe nzuri namna gani.

Nimepaka ukuta wote, mbona bado kuna utusitusi?

Umepaka kwa ukolezi mdogo ukitumaini kuwa mipako mingi itatosha. Mipako kumi ya 10% inafika takribani 65% tu. Shikilia Alt ubonyeze kijipicha cha maski, na maski itaonekana peke yake. Ukuta unatakiwa uwe mweusi kabisa na mwili mweupe kabisa, na vijivu vibaki kwenye kingo, shela na pindo. Madoa mengine yote yazibe kwa ukolezi wa 100% na mtiririko wa 100%. Fanya ukaguzi huu kabla ya kumkabidhi mteja picha, kwa sababu utusi usioonekana kwenye skrini yenye mwanga mdogo hujitokeza wazi ikichapishwa kubwa.