Je, Wajua? Kwa Nini Multimita ya Bei Nafuu Hukosea Kupima Mapigo ya Umeme

Volti za mkondo geu zinazosomwa kwenye mita ni zipi hasa?

Mkondo geu hupanda, hushuka na kugeuka upande bila kukoma, hivyo hauna volti moja ya kudumu. Namba inayotajwa hutokana na kulinganisha joto. Umeme wa ukutani huitwa volti 230 kwa sababu huipasha resista joto sawa na ambalo mkondo mnyoofu wa volti 230 ungelitoa, ingawa kilele cha wimbi lake hufika volti 325. Joto hutegemea kipeo cha pili cha volti. Kwa hiyo kila thamani ya wimbi huzidishwa kwa yenyewe, hutafutwa wastani wa majibu yote, kisha wastani huo hutafutiwa kipeuo cha pili. Hesabu hiyo ndiyo inayofupishwa kwa herufi RMS.

Multimita ya bei nafuu hupataje namba hiyo?

Haifanyi hesabu hiyo kabisa. Hugeuza nusu hasi ya wimbi kuwa chanya, hutafuta wastani wa kawaida, kisha huzidisha kwa 1.11. Kwa umeme wa ukutani wastani huo ni volti 207, na 207 × 1.11 hutoa 230. Jibu ni sahihi, lakini 1.11 ni uwiano wa wimbi la sine peke yake. Umbo la wimbi likibadilika, uwiano hubadilika, na mita haina njia ya kulijua hilo.

Kosa huonekanaje kwenye mapigo?

Ichukuliwe resista ya omu 6 inayopokea mapigo ya volti 12. Umeme huwaka kwa robo ya muda na kuzimwa kwa robo tatu. Wakati wa kuwaka resista hutumia wati 24, kwa hiyo wastani wake ni wati 6. Mkondo mnyoofu unaotoa wati 6 kwenye resista hiyo ni wa volti 6. Hilo ndilo jibu la kweli.

Mita ya wastani ikiwekwa kwenye mkondo mnyoofu husoma volti 3, yaani robo ya 12. Ikiwekwa kwenye mkondo geu, kapasita iliyo mlangoni huzizuia zile volti 3 za kudumu, na wimbi hubaki likicheza kati ya volti 9 juu ya sifuri na volti 3 chini yake. Wastani wake baada ya kugeuzwa chanya ni 4.5, na ukizidishwa kwa 1.11 mita huandika 5.0. Mita nyingine ndogo hazina kapasita hiyo, zina daiodi moja tu. Hizo hutambulika kwa kubadilishana nyaya: upande mmoja huonyesha namba kubwa, upande wa pili karibu sifuri.

Je, mita yenye maandishi TRUE RMS husoma 6?

Mara nyingi hapana. Saketi yake hufanya hesabu kamili ya vipeo, lakini nyingi nazo huzuia sehemu ya kudumu, hivyo husoma 5.2. Sehemu inayocheza na ile ya kudumu hupimwa moja baada ya nyingine, kisha huunganishwa: √(5.2² + 3²) = 6.0. Mita yenye nafasi ya AC+DC huunganisha yenyewe.

Mapigo yakiwa membamba zaidi?

Umeme ukiwaka kwa asilimia 4 tu ya muda, sehemu inayocheza ina RMS ya volti 2.35, lakini mita ya wastani huandika 1.02, chini ya nusu. Hata mita ya TRUE RMS hufikia ukomo hapa. Kilele cha wimbi hili ni karibu mara tano ya RMS yake, ilhali mita nyingi huhimili mara tatu tu namba inapokaribia mwisho wa kipimo. Kupandisha kipimo hatua moja huipa mita nafasi zaidi. Kasi nayo ina ukomo: mapigo yakizidi masafa yaliyotajwa kwenye kijitabu cha mita, namba hushuka bila onyo.

Mwanafunzi mwenye mita ya bei nafuu afanyeje?

Mapigo yakiwa ya mstatili safi, yakianzia sifuri, atumie nafasi ya mkondo mnyoofu, ambako wastani husomwa kwa haki mradi namba imetulia. Apime kwanza volti za chanzo, kisha volti za mapigo, azidishe namba hizo mbili na kutafuta kipeuo cha pili. Kwa mfano wa juu, √(12 × 3) = 6. Mapigo yasiyo na umbo la mstatili huhitaji oskiloskopu, kwa sababu hapo umbo lenyewe lazima lionekane kabla ya kuhesabiwa.