UFAFANUZI: Jinsi Ofisi Mbili Zinavyounganishwa kwa Njia ya IPsec, na Mipaka ya Kile Ambacho Kila Upande Unaweza Kukifikia

Mwananchi wa Kata ya Kimwani anapofika katika ofisi ya wilaya mjini Muleba kuulizia kumbukumbu zake, mara nyingi kumbukumbu hizo hazimo katika kompyuta iliyo mbele ya mtumishi anayemhudumia. Zinaweza kuwa katika seva iliyopo ofisi ya mkoa mjini Bukoba, na jibu hulazimika kusafiri kati ya miji hiyo miwili kupitia mtandao unaotumiwa pia na watu wengine. Makala haya yanafafanua jinsi safari hiyo inavyolindwa, kwa kutumia mfano wa taasisi yenye ofisi Bukoba na Muleba. Anwani zilizotumika ni za mfano.

Njia inayotumika sana ni IPsec. Kila ofisi huwa na ruta mlangoni mwake. Ruta hizo mbili hukubaliana kwanza funguo za kusimba mawasiliano, kisha hutambuana kwa vyeti au kwa neno la siri. Mazungumzo hayo hufuata utaratibu uitwao IKEv2 na hupita katika mlango wa UDP namba 500, au namba 4500 iwapo katikati ya njia kuna kifaa kinachobadilisha anwani. Baada ya hapo, kila pakiti inayotoka Muleba kwenda Bukoba husimbwa na kufungwa ndani ya pakiti nyingine, hivyo anayeichungulia njiani haoni yaliyomo wala anwani za kompyuta zilizo ndani ya ofisi.

Usimbaji huo huzuia mtu wa nje, lakini haumzuii aliye ndani. Iwapo kompyuta moja ya mapokezi Muleba itaingiliwa na virusi, njia iliyoachwa wazi kwa mtandao wote wa Bukoba itavibeba virusi hivyo kwa usalama uleule hadi kwenye seva ya mishahara. Kwa sababu hiyo, kila njia ya IPsec huwekewa vigezo vinavyotaja mawasiliano yanayoruhusiwa kupita: anwani za upande huu, anwani za upande wa pili, aina ya mawasiliano na namba za milango.

Katika mfano huu, kompyuta za Muleba zina anwani kuanzia 10.44.2.0 hadi 10.44.2.255. Bukoba kuna seva ya kumbukumbu yenye anwani 10.44.1.10, inayotoa huduma kupitia mlango namba 443, na seva ya mishahara yenye anwani 10.44.1.20. Watumishi wa Muleba wanahitaji seva ya kwanza pekee. Katika ruta inayotumia programu ya strongSwan, vigezo vya upande wa Muleba huandikwa hivi:

```
local_ts  = 10.44.2.0/24[tcp]
remote_ts = 10.44.1.10/32[tcp/443]
```

Upande wa Bukoba huandika vilevile kwa kugeuza, kwa kuwa kilicho cha ndani kwa mmoja ni cha mbali kwa mwingine:

```
local_ts  = 10.44.1.10/32[tcp/443]
remote_ts = 10.44.2.0/24[tcp]
```

Nguvu ya mpaka huu ni kwamba haumtegemei upande mmoja. Tuseme fundi wa Muleba, kwa kutaka kurahisisha kazi, ameandika `remote_ts = 10.44.1.0/24`, yaani mtandao wote wa Bukoba. Wakati wa makubaliano, Bukoba hulinganisha ombi hilo na vigezo vyake na kujibu kwa sehemu ile tu ambayo pande zote mbili zimeiruhusu: seva ya kumbukumbu, mlango 443. Hata kama ruta ya Muleba itachezewa ili itume pakiti kuelekea seva ya mishahara ndani ya njia hiyo, ruta ya Bukoba, baada ya kuisimbua, huikagua tena dhidi ya vigezo vilivyokubaliwa na kuitupa.

Iwapo vigezo havikutani popote, kwa mfano fundi ameandika 10.44.11.10 badala ya 10.44.1.10, Bukoba hukataa na kwenye kumbukumbu za ruta huonekana neno `TS_UNACCEPTABLE`. Hapo ruta huwa zimetambuana vizuri, funguo ni sahihi, lakini hakuna data inayopita. Kubadilisha neno la siri hakutasaidia. Kinachotakiwa ni mafundi wa pande mbili kuweka mistari yao sambamba na kuilinganisha namba kwa namba.

Kosa jingine la kawaida hutokea pale ruta ya Muleba, inayowapatia watumishi intaneti, inapobadilisha anwani zao kuwa anwani yake ya nje kabla ya vigezo kukaguliwa. Pakiti iliyobadilishwa hailingani tena na 10.44.2.0/24, kwa hiyo haiingii katika njia salama. Dalili yake huonekana kwa amri `swanctl --list-sas`: njia huandikwa kuwa `INSTALLED`, lakini hesabu ya pakiti zinazotoka hubaki sifuri hata mtumishi anapojaribu kufungua mfumo. Tiba ni kuiagiza ruta isibadilishe anwani za mawasiliano yanayokwenda 10.44.1.10.

Fundi anapaswa pia kufahamu kuwa amri ya `ping` haitajibiwa katika mpangilio huu, kwa sababu `ping` haitumii TCP. Ukimya huo si ushahidi kuwa njia imekatika. Kipimo sahihi ni kufungua mlango 443 wa seva ya kumbukumbu kutoka katika kompyuta iliyopo Muleba.

Vigezo hivi vina mipaka yake, na ya kwanza ni ya hatari zaidi. Katika strongSwan, pakiti isiyolingana na vigezo haizuiwi inapotoka, bali hufuata njia ya kawaida kuelekea intaneti bila kusimbwa. Mtumishi wa Muleba akijaribu kufikia 10.44.1.20, ombi lake halitafika Bukoba, lakini litakuwa limetoka nje ya ofisi likiwa wazi. Kwa hiyo ruta zote mbili huhitaji sharti la ziada la kuzuia anwani za ndani zisitoke kupitia intaneti.

Mpaka wa pili ni kwamba vigezo hutazama anwani na milango, si nani aliyeanzisha mazungumzo. Mtu aliyeiteka seva ya kumbukumbu anaweza kuzituma pakiti kutoka mlango wake wa 443 kuelekea kompyuta yoyote ya Muleba, nazo zitaonekana kuwa halali. Ukuta wa kinga unaokumbuka mazungumzo yaliyoanzishwa na Muleba ndio unaoziba pengo hilo. Vilevile, vigezo havimjui mtumishi aliyeketi mbele ya kompyuta. Ruhusa yake ya kufungua kumbukumbu fulani huamuliwa na mfumo wenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa madhumuni yaliyokusudiwa. Katika mfano huu, sharti hilo linaonekana katika mistari miwili ya kila ruta: ofisi ya Muleba inaifikia kumbukumbu ya mwananchi wa Kimwani, na njia hiyohiyo haiifikishi kwenye seva ya jirani yake.